Ovataimu haijamfilisi mtu, mwisho wa reli wala Uingereza

Kuna sentensi inayonikera huku Uingereza kila mwezi: "Siitaki ile zamu ya Jumapili, itanipandisha kwenye asilimia 40." Inanikera kwa sababu ni ileile ya Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Kibirizi: "Nikipiga ovataimu kodi inakula yote." Bahari yote hii katikati, na uongo ni mmoja.

Najua mtaniambia nimepanda ndege juzi tu, leo nawafundisha hesabu. Haya, tufanye hesabu ya Kigoma kwanza.

Chukua mtu wa ghalani bandarini mwenye mshahara wa 780,000. Sheria yetu ya kazi inahesabu wiki ya saa 45, na mwezi ni wiki 4.333, kwa hiyo unagawa kwa 195. Saa moja ni 4,000. Saa ya ziada ni mara moja na nusu, yaani 6,000. Kila saa ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5, yaani 200. Akifanya saa 40 za ziada na saa 60 za usiku katika zamu zake za kawaida, anaongeza 252,000.

Mwezi wa kawaida, NSSF ikikata asilimia 10, zinabaki 702,000 za kutozwa kodi. Kodi ni 56,400. Mwezi wa ovataimu, kama mfuko unakatwa kwenye malipo yote, zinabaki 928,800 na kodi inakuwa 110,200. Hapo ndipo watu wanaposhika kichwa: kodi karibu mara mbili! Lakini mkononi ametoka 645,600 hadi 818,600. Amepata 173,000 zaidi.

Na kupanda ngazi kwenyewe kumemgharimu nini? Asilimia 25 inagusa tu kile kilichozidi 760,000, yaani 168,800. Kile cha chini kinabaki kwenye viwango vyake vya zamani. Kama zote zingebaki kwenye asilimia 20, angeokoa 8,440. Hiyo ndiyo adhabu nzima mnayoiogopa. Mwajiri anayegawa mshahara kwa 240 (siku 30 mara saa 8) badala ya 195 anamnyang'anya 45,000 kwenye zilezile saa 40, na hakuna anayepiga kelele.

Sasa tofauti ya kweli kati ya huku na nyumbani, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Huku kodi ya mshahara inajumlishwa tangu Aprili, mwanzo wa mwaka wao wa kodi. Mtu wa pauni 3,500 akipata 4,500 mwezi wa Aprili, kiasi kilichozidi 4,189 hivi kinakatwa asilimia 40, na analipa kama pauni 62 zaidi. Mei akirudi kwenye 3,500, mashine inajumlisha miezi miwili, inaona bado yuko ndani ya asilimia 20, na zile 62 zinarudi zenyewe. Isipokuwa namba yake ya kodi kwenye hati ya mshahara imeishia na M1. Hiyo inautazama kila mwezi peke yake, kama jedwali letu la mwezi.

Jedwali letu halitazami nyuma, na ndiyo maana malimbikizo yanauma. Yule wa ghalani asipolipwa ovataimu miezi miwili, kisha ya tatu ikaja na zote, 756,000 kwa mkupuo, mwezi huo anavuka milioni na kuingia asilimia 30. Kodi ya mwezi huo ni 242,720. Ukijumlisha na ile miwili ya 56,400 unapata 355,520. Angelipwa kila mwezi kwa wakati, ingekuwa 330,600. Shilingi 24,920 zimeondoka kwa sababu ya uzembe wa mhasibu. TRA haina kosa hapo.

"Basi Ulaya ni peponi!" Nani kasema? Huku hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri kulipa mara moja na nusu. Mradi wastani usishuke chini ya kima cha chini, saa ya ziada inaweza kulipwa sawa na ya kawaida. Sheria yetu inasema moja na nusu, na siku ya mapumziko mara mbili. Kwenye karatasi tumewazidi, na ninaringa nalo. Kinachoniudhi ni karatasi hiyo kukaa kabatini huku mtu wa Ujiji akikataa zamu kwa kuogopa 8,440.

Kwa hiyo ukiandikiwa "malimbikizo ya ovataimu" kwenye hati yako, uliza ni ya miezi ipi, na kwa nini haikulipwa ilipofanyika. Kisha chukua mshahara wako, gawa kwa 195, uone kama saa yao inafanana na yako.