Usilimisho wa nazali: tuandike sentensi au tuandike alama?

"Kama naweza kusema kwa Kiswahili kwamba nazali huiga mahali pa kutamkia pa konsonanti inayoifuata, kwa nini nipoteze maksi kwa sababu sikuandika alfa na mabano?"

Swali hilo la mwanafunzi wa mwaka wa pili wa isimu hapa Nairobi lilijibiwa kwa ufupi: ndivyo mtihani unavyotaka. Hilo si jibu. Mwanafunzi ana hoja, na nusu ya hoja yake ni ya kweli kabisa.

Tutazame vivumishi vinapofuata nomino ya ngeli ya 9. Tunasema hali mbaya, nyumba ndogo, kazi ngumu. Mashina ni -baya, -dogo na -gumu, na mbele ya kila shina kuna nazali, sauti ambayo hewa yake hupitia puani. Kwenye mbaya midomo inafunga tangu mwanzo, kwa sababu b inatamkiwa midomoni. Kwenye ndogo ncha ya ulimi iko ufizini. Kwenye ngumu tahajia inatuficha jambo: tunaandika n, lakini ulimi hauendi ufizini hata kidogo. Nyuma ya ulimi inagusa kaakaa laini, na sauti inayotoka ni ileile ya mwanzo wa ng'ombe, kisha g inafuata. Mwanafunzi anayeandika kanuni akitazama herufi atasema "n huwa m mbele ya b", kisha ataiacha ngumu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jambo hili vitabu vyetu vya fonolojia huliita usilimisho pamwe wa nazali, na kwa mtindo ulioenezwa na Noam Chomsky na Morris Halle mwaka 1968 huandikwa hivi:

```
[+nazali] → [α anteria, β korona] / ___ [+konsonanti, α anteria, β korona]
```

Anteria ni sifa ya sauti zinazotamkiwa kuanzia ufizini kuja mbele. Korona ni ya zile zinazohitaji ncha au bapa la ulimi liinuke. Kwa hiyo b ni chanya kwa anteria na hasi kwa korona, d ni chanya kwa zote mbili, j ni hasi kisha chanya, g ni hasi kwa zote. Alfa na beta zinasimama mahali pa chanya au hasi, kwa sharti kwamba alama iliyo upande wa kulia wa mkwaju ndiyo hiyohiyo itakayotokea kwenye nazali. Kanuni moja inakusanya hali nne.

Hapa ndipo mwanafunzi anaposhinda. Sentensi yake inakusanya hali hizohizo nne, inaeleweka na mtu ambaye hajawahi kuona alfa, na haihitaji kukariri kama r ni anteria au siyo. Mwalimu anayesema alama ni za "kisayansi zaidi" kwa sababu tu zina mabano hajasema kitu.

Alama hazionyeshi thamani yake kwenye kuandika kanuni. Zinaionyesha tunapoiendesha. Chukua mtoto mdogo, mti mgumu. Kuna nazali, inafuatwa na d na g, wala haikuguswa: hatusemi *mtoto ndogo tunaposema Kiswahili sanifu, wala m ya mgumu haisogei kwenda kaakaa laini. Sentensi ya mwanafunzi ilisema "nazali". Fomula nayo ilisema [+nazali]. Zote mbili ni za uongo, kwa kiwango kilekile. Tofauti ni kwamba sentensi huwa tunaisoma kwa huruma, tunajijazia wenyewe kwamba "bila shaka alikusudia ile ya ngeli ya 9". Fomula haina huruma hiyo. Ukiipa m na d mbele yake, inatoa n, na kosa liko mezani.

Tunalitatuaje? Kiambishi cha ngeli ya 1 na ya 3 si m tupu. Mbele ya irabu tunasema mwekundu, mwema, na w hiyo lazima imetoka mahali: ni u iliyogeuka kiyeyusho. Linganisha na ngeli ya 9, ambapo shina hilohilo linatoa nyekundu, bila dalili ya u. Basi umbo la ndani, yaani lile la kabla ya kanuni yoyote kupita, la kiambishi kimoja ni /mu-/, na la kingine ni nazali isiyo na mahali pake yenyewe, ambayo kwa desturi tunaiandika /N-/. Sasa tunahitaji kanuni ya pili, ya kudondosha u ya /mu-/ mbele ya konsonanti, na tunahitaji kusema ipi inatangulia:

```
Umbo la ndani        /N-dogo/     /mu-dogo/
Usilimisho            ndogo        ---
Udondoshaji wa u      ---          mdogo
Umbo la nje          [ndogo]      [mdogo]
```

Usilimisho unapopita, m na d za /mu-dogo/ bado zimetenganishwa na u, kwa hiyo kanuni haina cha kushika. U inapodondoka, kanuni imeshapita. Geuza mpangilio na utapata *ndogo pande zote mbili. Unaweza kukwepa mpangilio kwa kusema kanuni inaigusa N isiyo na mahali peke yake, na kwa Kiswahili sanifu hilo linatosha. Lakini wako wasemaji wa pwani wanaotamka ntu na ntoto, na kwao m ya /mu-/ imeguswa. Kwa uchambuzi wa mpangilio, watu hao wana kanuni zilezile mbili, ila udondoshaji umetangulia. Sijui sentensi ya kawaida ambayo ingemfikisha mwanafunzi hapo bila kwanza kuchora jedwali kama hili.

Kuna pahali pengine ambapo wanafunzi wengi hukosea, na kosa lenyewe linafundisha. Wanaona nyumba kubwa, chai tamu, barabara pana, ambako nazali haipo kabisa, kisha wanaongeza [+ghuna], sifa ya sauti zinazotetemesha nyuzi za sauti, kwenye mazingira ya kanuni ili usilimisho usizifikie k, t na p. Inaonekana kuwa tahadhari nzuri. Lakini tazama mpya, nta na nchi. Mashina yake ni ya silabi moja, neno linahitaji silabi mbili ili mkazo upate pa kukaa, kwa hiyo nazali imebaki. Nazo p, t na ch si ghuna. Hata hivyo tunapata m mbele ya p na n mbele ya t. Usilimisho umefanya kazi mbele ya sauti zisizo ghuna kama kawaida. Kilichotokea kwenye kubwa na tamu ni jambo jingine: nazali ilidondoshwa, na udondoshaji huo hauyagusi mashina ya silabi moja. Yule aliyeandika [+ghuna] alidai, bila kujua, kwamba m ya mpya haina sababu. Neno moja ndani ya mabano ni dai zima kuhusu lugha, na linaweza kukanushwa kwa kutaja mpya.

Hayo ndiyo ninayoyatetea. Sasa upande wa pili, nao ni mzito.

Kwanza, fomula ile ya alfa hairuhusu kanuni nzuri tu, inaruhusu na za ajabu. Hakuna chochote ndani yake kinachosema anteria na korona ni jamaa. Ningeweza kuandika kwamba nazali huchukua alama ya anteria kutoka kwenye ughuna wa konsonanti inayofuata, na fomula ingekuwa na urefu uleule na sura ileile ya heshima, ijapokuwa hatutarajii lugha kufanya hivyo. Wataalamu waliliona tatizo. John Goldsmith mwaka 1976 alipendekeza sifa zikae kwenye mistari yake zenyewe na ziweze kuenea kutoka sauti moja hadi nyingine, na mwaka 1985 George Clements alizikusanya sifa za mahali chini ya kifundo kimoja. Kwa mtazamo huo usilimisho wetu ni mstari mmoja tu unaochorwa kutoka kwenye mahali pa b hadi kwenye nazali. Kinachonigusa ni kwamba mchoro huo unakaribia sana ile sentensi ya mwanafunzi, "nazali huiga mahali", kuliko alfa na beta. Kwa hiyo anayemnyima maksi kwa kukosa alfa anamwadhibu kwa kusema jambo ambalo nadharia yenyewe ililifikia baadaye.

Pili, na hili linatuhusu sana Nairobi: alama haziwezi kutuambia kama kanuni iko hai vichwani mwa watu. Panda matatu yoyote na usikilize. Utasikia kitu ndogo, vitu ngumu, maneno mbaya. Kwa msemaji wa namna hiyo umbo la ngeli ya 9 limekuwa umbo la kawaida la kivumishi karibu kila mahali. Kama hasemi kidogo wala vigumu, huenda ndogo ni neno zima alilolihifadhi, halina /N-/ wala -dogo ndani yake. Maneno yaliyoingia kutoka nje hayasaidii pia: tunasema benki, bei, dawa, zote za ngeli ya 9, bila nazali yoyote. Ushahidi wa pwani nao haumfikii. Kimvita, lahaja ya Mombasa, hutofautisha paa, mnyama, kwa p yenye mpumuo, na paa la nyumba kwa p isiyo nao, na mpumuo huo ni alama iliyoachwa na nazali iliyodondoka. Wengi wetu huku bara hatuutamki. Jedwali nililolichora juu linabaki sahihi kwa sarufi ya Kiswahili sanifu, lakini mwanafunzi wa Eastlands ana haki ya kuuliza ni kichwa cha nani kinachoelezwa.

Kwenye mtihani, basi, ningempa mwanafunzi maksi zote za kanuni kwa sentensi yake, mradi ataje kwamba ng ya ngumu imo. Maksi nyingi zaidi ningeziweka kwenye uendeshaji: mdogo, mpya na kubwa kando ya ndogo, hatua kwa hatua, na hapo hana budi kuandika maumbo ya ndani na mpangilio wa kanuni.

Swali la uhai wa kanuni linahitaji kazi ya nje ya karatasi. Buni mashina ambayo hayapo, tuseme -bani na -gefu. Mpe msemaji sentensi mbili, kijiji ni kibani, kitabu ni kigefu, kisha umwombe aseme habari hizohizo kuhusu nyumba. Akijibu nyumba mbani na nyumba ngefu, na nazali ikakaa mahali pake bila kusitasita, anayo /N-/ na anayo kanuni. Akijibu nyumba bani, kiambishi chenyewe hakipo kwake, na hakuna alfa itakayokirudisha. Akijibu nyumba kibani, shina hajaliona kabisa. Watu wazima wa Mombasa na vijana wa Nairobi wakiulizwa hivyo, sidhani majibu yatalingana, na ni kwa majibu hayo tutakapojua jedwali lile ni la nani.