Dawa ni ile ile, ila herufi mbili zimepotea

Mama yangu ana presha miaka mingi na dawa yake ni nifedipini, Adalat LA ya 30, kimoja asubuhi basi, mpaka kesho yake. Mwezi mmoja ile LA ilikosekana dukani kwao, akapewa nifedipini nyingine, strip imekatwa kwa mkasi, vidonge 30 ndani ya kifuko, juu kwa peni wameandika "Nifedipine 20, 1x1". Hakuna aliyemdanganya, nifedipini ni nifedipini kweli. Ila ile aliyopewa ilikuwa Retard, na neno Retard lilibaki kwenye kipande cha strip kilichobaki dukani.

Mi naona hapa ndo tunapokosea sana na hizi herufi za mwisho wa majina ya dawa. Tunazichukulia kama mapambo ya kampuni, kama vile simu inavyoitwa Pro au Max, tunataja jina la mbele tunaacha mkia. Wakati kwa dawa kama hii mkia ndo unakwambia itakaa mwilini masaa mangapi, na hiyo ni nusu ya matibabu yenyewe.

Nifedipini ya kawaida, zile kapsuli za 10, inaingia kwenye damu haraka sana na kuisha haraka, presha inashuka ghafla halafu inapanda tena. Kwa hiyo watengenezaji wakatafuta namna ya kuichelewesha. Retard ya 20 imetengenezwa iyeyuke taratibu, inafanya kazi kama masaa 12, ndo maana inamezwa mara mbili kwa siku. LA ni kitu kingine kabisa, kile kidonge kina ganda gumu lisiloyeyuka na tundu dogo sana limetobolewa kwa leza, maji ya tumboni yanaingia ndani yanaisukuma dawa itoke kidogo kidogo kupitia hilo tundu, masaa 24. Dawa ikiisha ganda tupu linatoka na choo. Mama aliliona siku moja akanipigia kwa hofu, "mwanangu mbona kidonge kimetoka kizima, mi natibiwa na nini sasa?" Nilikuwa sijawahi kumwambia na kusema kweli nilipaswa kumwambia.

Sasa rudi kwenye kile kifuko. Retard ya masaa 12 imeandikwa 1x1. Anameza saa moja asubuhi, saa nne yupo kliniki anapimwa, 138 kwa 84, nesi anafurahi, anaambiwa endelea hivyo hivyo mama. Lakini saa nne ndo muda dawa iko juu kabisa! Ikifika usiku imeshaisha, na toka hapo mpaka asubuhi mama anatembea na presha ambayo haina kinga yoyote. Yeye alikuwa analalamika kichwa cha alfajiri, kinauma kisogoni, akidhani ni usingizi mbaya au mto. Nilipoenda likizo nikampima kwa kile kipimo cha mkononi saa kumi na mbili asubuhi kabla hajameza chochote, 174 kwa 102. Nikarudia baada ya dakika tano, 170 kwa 100. Saa nne nikampima tena, iko vizuri kabisa. Siku tatu mfululizo picha ni ile ile, na hapo ndo nikaomba nione hicho kifuko chenyewe.

Kwa hiyo kama una mzazi wa presha na kliniki wanasema iko sawa ila mwenyewe anakwambia hajisikii vizuri alfajiri, mpime kabla ya dozi, dakika chache kabla hajameza. Hapo ndo utajua kama dawa imefika mwisho wa safari au imeishia njiani. Ukimkuta iko juu usimwongezee kidonge mwenyewe, andika zile namba na saa ulizopima, zipeleke kwa daktari pamoja na dawa yenyewe.

Kinyume chake nacho kinatokea. Mtu kazoea Retard mara mbili, anapewa LA ya 30, kifuko kimeandikwa 1x1 lakini mkono umeshazoea, anaendelea asubuhi na jioni. Huyo sasa anakunywa 60 kwa siku badala ya 40 aliyozoea, miguu inavimba kwenye vifundo, anainuka kitandani kizunguzungu.

Na tafadhali sana, vya kuchelewesha havisagwi. Najua wengi wanasaga, mzee hawezi kumeza, kidonge kinapondwa kwa kijiko kinatiwa kwenye uji, na anayefanya hivyo anafanya kwa upendo. Ila ukisaga umevunja ule mtambo wote, dawa ya siku nzima inaingia kwa mkupuo, uso unawaka moto, moyo unakimbia, presha inaanguka na mtu mzima anaweza kuanguka nayo hapo hapo. Asiyeweza kumeza abadilishiwe aina ya dawa, daktari anazo nyingine nyingi za presha zinazosagika bila shida.

Shida kubwa ni kwamba hizi herufi hazina sheria moja. SR, XR, ER, CR, XL, LA, MR, Retard, zote zinasema "polepole" lakini hazisemi polepole kiasi gani. Bupropioni ya sonona kwa mfano, Wellbutrin SR inamezwa mara mbili na XL mara moja, jina la mbele moja. Hata namba ya miligramu inaweza kukupoteza, angalia gliklazaidi ya sukari, Diamicron ya kawaida ya 80 inabadilishwa na MR ya 30, mtu akiona 30 anasema nimepunguziwa anameza viwili, kumbe kameza dozi ya vidonge viwili vya 80, sukari inaporomoka.

Upande wa Forte na DS, mikia inayotaja ukali wa dawa na siyo masaa, hesabu ni rahisi zaidi ila mtego upo. Septrin ya kawaida ni 480, Forte au DS ni 960, yani kimoja cha hii ni viwili vya ile. Watu wamezoea "Septrin viwili mara mbili" toka utotoni, wakipewa DS wanameza viwili vile vile. Hapo soma miligramu tu, neno Forte achana nalo maana kila kampuni inalitumia inavyotaka.

Maoni yangu ni kwamba duka lisiruhusiwe kumkatia mgonjwa strip bila kuandika jina zima na mkia wake, na pembeni liandike kwa Kiswahili "masaa 12" au "masaa 24" na "meza kizima". Maneno manne matano, peni ile ile, kifuko kile kile. Na kama LA haipo mgonjwa aambiwe wazi kwamba leo nakupa aina nyingine, na daktari wako apigiwe simu kuhusu mara ngapi, kwa sababu kuhama kutoka LA kwenda Retard ni kubadilisha ratiba ya mwili mzima.

Mama alirudishiwa LA yake baada ya wiki. Saa hivi boksi tupu la LA linakaa kwenye mkoba wake, akienda dukani analiweka juu ya meza anasema nataka hii, yenye hizi herufi mbili, kama haipo niambie nimpigie mwanangu. Kichwa cha alfajiri kiliacha.