Dada alizima kila kitu, chaji ikazidi kukimbia

Juzi usiku dada yangu alinipigia akiwa na hasira zake. "Hii simu uliyoniambia ninunue ina nini? Nimezima kila kitu, na bado ikifika saa kumi jioni imekata roho."

Nikamuuliza amezima nini. Akanitumia ule ujumbe. Mnaujua nyote: ZIMA VITU HIVI 15 BETRI IDUMU SIKU MBILI, herufi kubwa tupu, chini yake "sambaza kwa umpendaye". Dada ni mtiifu, alizima kumi na nne. Alibakiza kimoja tu, Always On Display, ile saa inayobaki kwenye skrini simu ikiwa imelala, kwa sababu anaipenda. Na ujumbe ukadai kwamba hiyo pekee inakula asilimia 30 kwa siku. Basi akajua mchawi amepatikana.

Hiyo 30 ndiyo iliyonichoma. Kwa sababu mimi hiki kitu nimekipima, tena kwa usiku kadhaa, kama mtu asiye na kazi.

Kupima kwa kutazama asilimia haitoshi. Asilimia moja ni kipande kikubwa, halafu ile 100 ya kwanza ina uongo wake, hukaa palepale muda mrefu kabla ya kuanza kushuka. Kwa hiyo nilikuwa naanzia kwenye 80, nawasha hali ya ndege, nachomeka simu kwenye kompyuta kwa sekunde chache na kuandika amri hii ya adb, zana ya kuihoji simu ya Android kutoka kwenye kompyuta:

```
adb shell dumpsys battery
```

Humo mna mstari wa `Charge counter`. Igawe ile namba kwa 1000 upate mAh zilizobaki. Unachomoa kebo, unailaza simu chali mezani, unarudi baada ya saa nane na kusoma tena. Taa ya sebuleni niliiacha inawaka makusudi, maana gizani hiyo saa hujififisha yenyewe na ungejidanganya kwamba ni rahisi kuliko ilivyo.

Betri yangu imeandikwa 5000 mAh, ila kwa uzee wake sasa inashika kama 4700. Usiku ambao saa ilizimwa, zilipotea mAh 90. Usiku uliofuata, saa ikiwa imewashwa kwenye skrini nyeusi, zilipotea 330. Tofauti ni 240 kwa saa nane, yaani mAh 30 kila saa. Hiyo ni asilimia 0.6 na kitu kwa saa. Usiku wa tatu nikaweka na picha nyuma ya saa, kama simu nyingi za sasa zinavyoruhusu, na upotevu ukapanda hadi 520. Toa zile 90, inakuja karibu asilimia 1.1 kwa saa.

Kwa nini picha iongeze hivyo? Kwenye OLED kila pikseli inajiwashia taa yake. Nyeusi maana yake imezimwa. Tarakimu nne za saa zinawasha sehemu ndogo sana ya kioo, lakini picha, hata ikififishwa, inawasha karibu kioo kizima. (Wenye LCD hamumo kwenye mjadala huu. Taa yenu inawaka nyuma ya skrini nzima hata kama unachotaka ni nukta moja.)

Sasa tuitafute ile 30. Chukua hali mbaya kuliko zote, saa pamoja na picha, zidisha kwa saa 24, unapata 27. Yaani ili uikaribie namba ya ujumbe ule, simu ilale chali mchana kutwa na usiku kucha, penye mwanga, isiguswe na mtu. Nani anaishi hivyo?

Maana saa hiyo haiwaki siku nzima. Ukiwa umeishika simu unaitumia, haipo. Ukiiweka mfukoni au kifudifudi, sensa ya juu inahisi imefunikwa na kuizima. Mimi nilijihesabia siku moja ya kawaida, nikapata saa tano tu ambazo simu ilikuwa chali mezani ikinitazama. Mara 0.64, ni asilimia 3.2. Mwenye kazi ya mezani anaweza kufika saa kumi, basi ni 6 na ushee. Ndiyo gharama yenyewe, kama uliuliza.

Ila kuna wanaoumizwa kweli, nao ni wale ambao sensa yao imechanganyikiwa, labda kwa kioo cha kubandika au kava lililokaa vibaya, na saa inawaka mfukoni siku nzima. Kujua ni rahisi: ingia penye giza, funika sehemu ya juu ya simu kwa kiganja sekunde kadhaa, chungulia kwa pembeni. Kama saa bado inawaka, una tatizo.

Wapo pia wanaotetea kupita kiasi, eti inaokoa chaji kwa sababu huiamshi simu kila mara kutazama saa. Hapana. Tuseme kuiamsha kunatumia wati moja kwa sekunde kumi. Zile saa tano zangu za mezani, kwa mAh 30 kila saa, yaani kama wati 0.115, zinatosha kuiamsha zaidi ya mara 200. Hakuna anayetazama saa mara 200 ndani ya saa tano, labda anayesubiri matokeo. Nitakubali kwa shingo upande kwamba ukiiamsha huishii kwenye saa, unajikuta dakika ishirini baadaye unatazama mtu anaosha zulia. Lakini huo ni ugonjwa wako, si wa skrini.

Turudi kwa dada. Kati ya vile kumi na vinne alivyozima, kimojawapo ni mwangaza unaojirekebisha. Ujumbe ulimwambia kwamba sensa ya mwanga "inafanya kazi muda wote". Sensa ile inatumia chaji ya kudonoa. Alipoizima, ilibidi apandishe mwangaza mwenyewe siku aliyokuwa juani, na hakuurudisha tena. Anakaa ndani skrini ikiwa karibu na kilele, saa tano kwa siku. Hata ikiwa ziada ni nusu wati tu, hiyo ni wati-saa 2.5 kwenye betri yenye kama 18. Asilimia 14 zimekwenda, kwa kuokoa chaji!

Alizima na Adaptive Battery, ile iliyokuja na Android 9 mwaka 2018, ambayo kazi yake ni kuzibana programu usizozifungua. Ni kama kumfukuza mlinzi kwa sababu anakula ugali. Haya, ni kweli huchelewesha arifa za programu uliyoisahau. Basi.

Nikamwambia, "Dada, rudisha hivyo viwili, toa picha kwenye saa, kisha uwekee ratiba izimike usiku. Unailipia asilimia tano kuangazia dari."

Kesho yake simu ilifika saa tatu usiku ikiwa na 22. Akapiga, safari hii anacheka. Ratiba hakuweka.

"Mimi nikishtuka usiku nataka kuona saa bila kupofushwa macho," akasema. "Halafu wewe mtaalamu, usiku simu si huwa iko kwenye chaji?"

Iko kwenye chaji, ndiyo.