Ndugu Dashibodi, Karibu Kazini

Nilimwandikia Mkuu wa Idara ya Tehama barua ambayo, kwa maoni yangu, haikuacha pa kukosea. Niliomba akaunti ya kanzidata yenye ruhusa ya kusoma tu, itakayotumiwa na programu inayohuisha dashibodi ya mauzo kila siku saa kumi alfajiri bila kuguswa na mtu. Nilitaja majedwali yanayohitajika, nikaeleza pia kwa nini sikutaka programu itumie akaunti yangu: yangu inaweza kufuta, na programu yenye hitilafu haina desturi ya kuuliza kwanza.

Majibu yalianza hivi: "Ndugu Dashibodi Mauzo, karibu kazini."

Fomu ya idara haikuwa na nafasi ya programu. Ilidai jina la kwanza na la ukoo, na afisa aliyeijaza, mtu mwenye bidii kupita kiasi, hakupenda kuacha pengo. Hivyo Dashibodi akasajiliwa kama mtumishi mpya, akatakiwa abadili nenosiri alilopewa na athibitishe kila anapoingia kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Kwa kuwa yeye hana simu, iliandikwa yangu. Alfajiri ikalia, nami nikabaki kitandani nikizitazama namba nisizokuwa na pa kuziingiza, huku mwenzangu akikwama mlangoni hadi akaunti yake ikafungwa.

Hakuna aliyegundua, kwa sababu dashibodi ya namna hii ikikosa data mpya haizimiki, bali huendelea kuonyesha takwimu za mwisho ilizozipata, grafu zikiwa nadhifu vilevile. Kikaoni meneja alisifu jinsi mauzo yalivyotulia wiki nzima. Nilimwonyesha kwa heshima maandishi madogo ya pembeni yanayotaja saa ya kuhuishwa mara ya mwisho, naye akahamia ajenda iliyofuata.

Katika barua ya pili nilifafanua kwamba ninaomba akaunti ya mfumo, isiyo ya mtu. Badala ya uthibitisho wa simu, kanzidata iikubali akaunti hiyo kutoka kwenye anwani ya seva ya ripoti pekee, na nenosiri libadilishwe kwa tarehe tutakayokubaliana, lisije likaisha muda usiku wa manane. Ili pasiwe na tafsiri nyingine, niliambatisha ruhusa yenyewe:

```
GRANT SELECT ON mauzo, bidhaa, matawi TO dashibodi_soma;
```

Tulipoijaribu pamoja, afisa aliagiza badiliko lisilogusa safu mlalo yoyote:

```
UPDATE mauzo SET kiasi = 0 WHERE false;
```

Kanzidata ikajibu `permission denied for table mauzo`, tukapeana mikono kwa furaha ya kukataliwa.

Ilibaki kuifuta kabisa ile akaunti ya kwanza, kwani akaunti isiyo na mwenyewe ni mlango usio na bawabu. Mfumo ukadai barua ya kujiuzulu. Niliiandika kwa niaba ya Ndugu Dashibodi, nikataja sababu za kifamilia.