Pembe, Bibi au Pipi?

Kikaratasi kilidondoka kutoka kwenye kopo la biskuti la marehemu babu, siku tuliyokuwa tukisafisha chumba chake kule Pangani. Mistari mitatu ya wino uliofifia, utadhani kuku kakanyaga masizi akapita juu yake. Nikajua babu alikuwa anajaribu kalamu. Nikakifinyanga nikitupe.

Sijui nini kilinituma nikikunjue tena. Mtu anayejaribu kalamu huzungusha mkono tu, duara juu ya duara. Hapa mistari yote ilianzia sawasawa upande wa kulia, kushoto ikaishia popote. Nukta zimekaa juu na chini ya herufi, na kila mstari umefungwa kwa tarakimu. "Aa, hii si mikwaruzo," nikasema kwa sauti. Kosa langu ndilo hilo, maana baba mdogo alisikia.

Tukampelekea maalim wa chuoni. Kilikuwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Akaanza na mstari wa mwisho, ambao wino wake ulikuwa umekolea: be, ye, be, irabu za chini, kisha 4.

"Wazee wengi hawakuwa na herufi ya p," akasema. "Waliandika b. Na mb pia waliandika b. Irabu ya chini nayo ni i, au ni e. Kwa hiyo hapa pana bibi, au pipi, au pembe."

"Pembe nne za ndovu!" Baba mdogo akaruka. "Mzee alifanya kazi majahazini!"

"Bibi wanne?" Shangazi akashika kiuno. Yeye alimjua mmoja tu, mama yake.

Laiti babu angeandika "wanne" au "nne" kwa maneno, ugomvi ungekwisha palepale. Yeye kaweka tarakimu.

Maalim akatuambia tusubiri asome mistari ya juu, kwani neno gumu hufunguliwa na majirani zake. Baba mdogo alikuwa keshatoka. Nilimkuta chini ya mwembe, jembe mkononi, na kabla sijamfikia bomba la maji likapasuka. Maji yakaruka hadi kwenye matawi. Kuku wakatawanyika, na shangazi bado anahesabu wake wenza kwa vidole.

Hapo ndipo bibi aliporudi kutoka msibani. Akavaa miwani, akasoma kama anasoma kalenda.

"Sukari kilo 2. Sabuni mche 1. Pipi 4. Baba yenu alikuwa haendi dukani bila karatasi."

Baba mdogo alisimama pale, tope hadi magotini. "Pipi nne? Mama, si tulikuwa watoto watano?"

Bibi akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga.

"Siku hiyo wewe ulikuwa umevunja mtungi wa maji."