GPA yako ni 3.6 ya ngapi? Kuhusu CV zetu zinazoenda nje

Kitu kinachonikera kwenye CV zinazotoka Dar kwenda nje si picha ya paspoti wala zile hobi za kusoma vitabu na kuangalia mpira, ni ile sehemu ya elimu. Mtu kasota miaka saba darasani halafu anaiandika kwa namba ambazo anazielewa yeye, mama yake na chuo chake basi. HR wa Ulaya anaziona namba, anadhani kazielewa kwa sababu namba ni namba, kumbe anasoma kitu kingine kabisa. Na hilo ndo balaa, asingeelewa kabisa si angeuliza.

Nikupe kesi ya dogo mmoja wa Tabata, fundi umeme mzuri tu, alisoma chuo kimoja cha umma hapa mjini, vile vyuo ambavyo havijiiti chuo kikuu lakini digrii vinatoa. Alianzia cheti akitokea fom foo, akapanda mpaka diploma, miaka mitatu, akafanya kazi kidogo, akarudi kupiga digrii ya uhandisi umeme miaka minne. Akaomba kazi kampuni moja ya sola Ujerumani. Kwenye CV kaandika jina la chuo, cheti NTA levo 5 GPA 3.6, diploma NTA levo 6, chini yake digrii NTA levo 8 GPA 3.6. Kila kitu hapo ni kweli, hakuna hata herufi ya uongo. Baada ya wiki kadhaa akapata emaili ya heshima sana inamuuliza udaktari wake wa falsafa aliufanyia utafiti wa nini, maana hawajauona kwenye viambatisho.

Tulicheka mpaka basi ila ukikaa chini unaona yule mzungu hana kosa. Sisi ngazi zetu za NTA, yaani za tuzo za ufundi, zinaenda mpaka 10, cheti cha kwanza cha ufundi ni 4, diploma ya kawaida ni 6, digrii ya kwanza 8, masters 9, PhD 10. Mfumo wa Ulaya unaishia 8, na kule digrii ya kwanza ni 6, masters 7, udaktari 8. Kwa hiyo kwa macho ya Mjerumani dogo alikuwa na digrii mbili, moja ya kwanza na moja ya udaktari, na katikati masters imepotea. Uingereza hivyohivyo, levo 8 yao ni udaktari. Afrika Kusini nao wana ngazi 10 kama sisi lakini digrii ya kawaida ya miaka mitatu wanaiweka 7. Yaani namba ya ngazi ukiitoa nje ya nchi bila kusema ngazi ziko ngapi na hiyo yako inasimamia nini, ni bora usiiandike kabisa.

Na usifikiri kuonekana umesoma zaidi ni bahati. Hapo aliulizwa kwa upole, kampuni nyingine ingeona tu mtu anadai udaktari na cheti kinasema digrii ya kwanza, wanamalizana na wewe palepale na hujui hata kwa nini.

Sasa twende kwenye zile 3.6 mbili, maana hapa ndo pana utamu. Ukiangalia haraka unaona dogo hajapanda wala hajashuka, 3.6 cheti, 3.6 digrii. Lakini kwenye mfumo wa NTA, ngazi ya 4 na 5 GPA inahesabiwa juu ya 4, na ngazi ya 7 na 8 inahesabiwa juu ya 5. Kwa hiyo cheti chake ni 3.6 ya 4, hiyo ni fasti klasi, inaanzia 3.5. Digrii yake ni 3.6 ya 5, hiyo ni apa sekondi, nayo inaanzia 3.5 mpaka 4.3, halafu fasti klasi inaanza 4.4. Namba moja, mizani mbili, karatasi moja! Hata HR wa Kitanzania aliyesoma chuo kikuu moja kwa moja kutoka fom siksi anaweza kupigwa chenga hapo, sembuse mtu wa Munich.

Dogo alipoelewa, kitu cha kwanza alichotaka kufanya ni kile ambacho wengi wanafanya, kuchukua kalkuleta. 3.6 gawanya kwa 5 zidisha kwa 4 unapata 2.88. Akaniangalia, "Braza, hii si nitaonekana kilaza?" Ndiyo, utaonekana, na hesabu yenyewe wala haiko sawa. Sababu ni kwamba GPA haitokani na hewa, inatokana na maksi, na maksi zetu si za huko. Kwenye digrii zetu nyingi A inaanzia 70, B plasi ni 60 mpaka 69, B ni 50 mpaka 59, C ni 40 mpaka 49. Mmarekani aliyekulia kwenye A ya 90 akiona umepata 62 anadhani umeponea chupuchupu, wakati hapa hiyo ni B plasi, na kuna makozi ambayo ukipata 62 unawapigia simu mpaka wa nyumbani. Sasa ukigawanya na kuzidisha unachukulia kwamba 4 ya huku na 4 ya kule zinapatikana kwa jasho moja. Wale wanaofanya tathmini za vyeti kitaalamu, kama WES kwa Marekani na Kanada, wanachambua somo kwa somo kwenye transkripti, hawachukui GPA ya mwisho wakaipitisha kwenye kalkuleta.

Msimamo wangu kwa hiyo ni huu, na najua kuna watu watabisha: usimgeuzie mwajiri. Mpe namba yako kama ilivyo na mizani yake ubavuni. Hata kujiandikia mwenyewe kwamba digrii yangu ni sawa na fulani ya Uingereza siipendi, maana hayo ni maneno yako na wewe ndo mwenye shida ya kazi, nani atakuamini? Hayo waachie wanaotambulika kuyasema. Uingereza ni UK ENIC, Ujerumani kuna ofisi inaitwa ZAB. Ukiwa na barua yao weka mstari mmoja kwamba cheti kimetathminiwa na nani, mwaka gani, wamesema ni ngazi gani. Kama huna, eleza tu kilichopo.

Tulivyoiandika upya ya dogo ilikaa hivi, naiweka kwa Kiswahili hapa, kwenye CV iko kwa Kiingereza. Jina la digrii kama lilivyo kwenye cheti, bila kulipamba. Kisha: digrii ya kwanza, miaka minne ya masomo ya kutwa. Kisha GPA 3.6 kati ya 5.0, daraja la pili la juu, daraja la kwanza linaanzia 4.4. Kisha jina la chuo na maneno machache: chuo cha umma, Dar es Salaam, Tanzania, kimesajiliwa na NACTVET ambayo ni mamlaka ya serikali ya elimu ya ufundi. Basi. Kwenye diploma: stashahada ya ufundi, chini ya digrii, miaka mitatu baada ya miaka minne ya sekondari, na cheti cha ndani ya miaka hiyo GPA 3.6 kati ya 4.0, daraja la kwanza. Zile levo 5, 6 na 8 tukazifuta zote.

Hayo maneno "chini ya digrii" aliyagomea sana, akasema najishusha mwenyewe. Mimi naona ndo yanayoipa nguvu CV yake, maana mwajiri akiona umemwambia kipi kiko chini anaanza kukuamini na kipi kiko juu.

Kuhusu jina la chuo, usiandike "moja ya vyuo bora Afrika Mashariki". Hakuna mtu anayesoma hiyo akabaki na imani. Anachotaka mgeni ni vitu anavyoweza kuhakiki kwa dakika mbili: cha serikali au binafsi, kimesajiliwa na nani, kinatoa mpaka ngazi gani. Chuo kikuu ni TCU, vyuo vya ufundi na vya kati ni NACTVET. Wajerumani wana databesi yao inaitwa anabin, yeyote anaweza kuingia, unatafuta nchi halafu chuo, kikiwa na alama H+ maana yake wanakitambua, H- hawakitambui, na H+/- ina maana inategemea, inabidi cheti chenyewe kiangaliwe. Kabla hujaomba ingia mwenyewe uone chuo chako kimekaa wapi, kwa sababu HR ataingia. Na jina andika lile la kwenye cheti. Kama chuo kimebadilika jina weka yote mawili, mfano aliyemaliza UCLAS enzi hizo ikiwa chini ya UDSM aandike hivyo halafu aongeze kwamba tangu 2007 ni Chuo Kikuu Ardhi, la sivyo mtu anatafuta chuo ambacho hakipo tena anadhani ni cha mfukoni.

Sekondari nadhani ukishakuwa na digrii na kazi kidogo iondoe tu. Ila kwa fresha ambaye hana kingine, neno Kibaha au Ilboru peke yake halimwambii kitu mtu wa Oslo, inabidi useme ni shule ya serikali ya vipaji maalumu, wanaingia waliofanya vizuri mtihani wa taifa. Na division wani ya pointi 7 fom foo, sema jamani kwamba 7 ndo ya juu kabisa! Huko pointi nyingi ndo sifa.

Halafu kuna hili la transkripti ambalo naliona kila siku. Vyuo vingi jedwali la maksi na madaraja wanalichapa nyuma ya karatasi. Watu wanaskani mbele tu, wanatuma. Yaani ufunguo wa kusomea namba zote, uliosainiwa na chuo chenyewe, umebaki kwenye bahasha nyumbani Tabata. Skani pande zote mbili, PDF moja, ukurasa wa madaraja usiwe umekatwa pembeni. Dogo alipojibu ile emaili ya udaktari alituma hiyo pamoja na CV mpya, wakamwita intavyuu ya video na swali la elimu halikurudi, waliongelea inveta tu.

Ila hii yote ni kwa kazi ambazo mwajiri ndo anaamua. Nesi, daktari, famasia, hapo hata CV iandikwe na malaika, bodi ya nchi ile ndo inasema ndiyo au hapana na wana fomu zao. Na fomu za onlaini zinazotaka GPA juu ya 4 kwa lazima sina dawa nazo nzuri. Kama kiboksi si cha lazima kiache wazi uandike 3.6 kati ya 5.0 kwenye sehemu ya maelezo, kama ni cha lazima hapo ndo naona ile hela ya tathmini ya kitaalamu inalipa, kwa sababu namba utakayojaza itakuwa na karatasi nyuma yake.

Wenye Advansi Diploma za zamani najua mtakuja kuuliza. Yenu ndo inaumia kuliko zote, miaka mitatu baada ya fom siksi halafu mgeni anaisoma kama kakozi ka jioni. Andikeni hiyo miaka mitatu na hiyo fom siksi mstari huohuo wa jina la cheti, msiiache ikae peke yake.