Usiigawe simu ya zamani kabla gemu halijafunguka kwenye mpya

Jumamosi jioni mdogo wangu alinipigia: "Kaka, shamba langu limefutika." Alikuwa amepata simu mpya, akalirusha gemu lake la Stardew Valley kutoka simu ya zamani kwa programu ya kurushiana mafaili, akalifungua, likamtaka aanze upya. Miaka minne ya gemu, ng'ombe, mapipa ya mvinyo, vyote havionekani. Nilimuuliza kitu kimoja tu: simu ya zamani bado unayo? Anayo, ila ameshamwahidi binamu yetu. Nikamwambia asiiguse.

Ukirusha gemu kwa njia hiyo, kinachosafiri ni programu yenyewe. Hatua ulizofikia zimeandikwa kwenye mafaili mengine, na hayo hubaki yalipo. Ukilifuta gemu kwenye simu ya zamani, nayo yanakwenda. Ndiyo maana nasema simu ya zamani ikae kwako mpaka uone kwa macho yako gemu limefunguka pale ulipoishia.

Kwa Stardew tulikuwa na bahati, kwa sababu mafaili yake yanafikika. Programu nyingi za kufungulia mafaili kwenye simu zimezuiwa kuingia kwenye folda yalimo tangu Android 11, lakini kompyuta bado inaingia kwa waya. Hakikisha waya ni wa data. Nyaya nyingi zinazouzwa barabarani zinachaji tu, na kompyuta haitaona kitu. Kwenye skrini ya simu tulichagua hali ya kuhamisha mafaili, kisha kwenye kompyuta tukafuata njia hii:

```
Android/data/com.chucklefish.stardewvalley/files/Saves
```

Ndani kulikuwa na folda moja, `Tumaini_318204577`: jina la mhusika wake, kistari cha chini, na tarakimu. Ndani ya folda hiyo kuna faili lenye jina lilelile na jingine linaloitwa `SaveGameInfo`. Tuliinakili folda nzima kwenye kompyuta. Kwenye simu mpya tuliliondoa gemu la kurushwa, tukalipakua tena kwa akaunti ileile aliyolinunulia ili toleo lisiwe la nyuma kuliko la simu ya zamani, tukalifungua mara moja, tukalifunga kabisa, ndipo tukabandika folda ndani ya `Saves`. Mara ya kwanza hakikuonekana kitu. Kumbe alikuwa amebadilisha jina la folda kuwa "shamba langu" ili asilisahau, na gemu linatafuta ndani ya folda faili lenye jina sawa na la folda. Tulipolirudisha jina, shamba likajitokeza, mapipa yote yamo.

Lakini magemu mengi hayaweki mafaili yao hapo. Yanayaficha kwenye hifadhi ya ndani ambayo hata kompyuta haiioni, na hapo tumaini lako ni nakala ambayo Android yenyewe huitunza kwenye akaunti yako ya Google, hadi MB 25 kwa kila programu. Nakala hiyo kwa kawaida hufanyika simu ikiwa imetulia na imeunganishwa na Wi-Fi. Wengi wetu tunaishi kwa bando, Wi-Fi tunaikuta kwa jirani au kazini, kwa hiyo simu inaweza kukaa miezi bila nakala na mwenyewe asijue. Kabla ya kuhama, tafuta Wi-Fi, kisha ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya Google, kwenye Backup, uangalie gemu lako limo na tarehe yake ni ya lini. Mwenye kompyuta yenye adb, programu ya kuipa simu amri kwa waya, anaweza kulazimisha:

```
adb shell bmgr backupnow com.mfano.gemu
```

Badala ya `com.mfano.gemu` weka jina la kifurushi cha gemu lako, la aina ya `com.chucklefish.stardewvalley`. Soma mstari wenye jina hilo, si ule wa mwisho. Ukisema `Success`, nakala imepanda. Ukisema `Backup is not allowed`, aliyelitengeneza gemu amezuia.

Hata akizuia, usikate tamaa bado. Kwa magemu yaliyotengenezwa kwa ajili ya Android 12 na kuendelea, kizuizi hicho huzuia nakala ya mtandaoni, ila kwenye simu za baadhi ya kampuni hakizuii uhamishaji wa moja kwa moja kutoka simu hadi simu. Huo ndio ule unaoulizwa siku unapoiwasha simu mpya, kunakili programu na data kutoka simu ya zamani, na ndio watu wanaouruka kwa haraka ya kuanza kutumia simu. Ukishauruka, mara nyingi itabidi uirudishe simu mpya kiwandani ili uulizwe tena. Tumia waya, subiri imalize.

Watengenezaji nao nawalaumu waziwazi. Minecraft ina kitufe cha `Export World` kinachokupa ulimwengu wako mzima kama faili moja la `.mcworld`, ukaliweka kwenye kadi au ukajitumia mwenyewe WhatsApp. Gemu lolote lisilo na hifadhi ya mtandaoni linapaswa kuwa na kitufe kama hicho, na kama limezuia nakala, limwambie mchezaji siku ya kwanza, kabla hajaweka saa mia mbili za maisha yake humo.